Viunzi vya Insha ya Hoja: Mada ya Mifuko ya Plastiki

Kiswahili, kidato cha tatu, Kampala

Mada: "Uganda ipige marufuku mifuko yote ya plastiki." Maneno yanayobeba na kuunganisha hoja, kama "kwa maoni yangu", "kwanza kabisa" na "hata hivyo", ndiyo kiunzi, yashike. Yaliyobaki ni ya mada hii, utayabadilisha ukipewa nyingine.

Utangulizi. Usipoteze mistari kueleza plastiki ni nini. Ingia kwenye mvutano:

Suala la mifuko ya plastiki limezua mjadala. Wapo wanaosema kwamba kaveera ni nafuu kwa mwananchi, na wapo wanaoona kwamba hasara yake ni kubwa kuliko bei yake. Kwa maoni yangu, mifuko hii haina budi kupigwa marufuku.

Chunga ngeli: mifuko haina budi, watu hawana budi, kijiji hakina budi.

Aya ya hoja

Kwanza kabisa, kaveera huziba mitaro. Hii ina maana kwamba mvua ikinyesha, maji hukosa njia. Mfano mzuri ni mtaro wa Nakivubo, ambao hufurika na kuleta maji barabarani. Kwa hiyo, anayetupa mfuko mmoja humtesa jirani yake.

Aya ya kumjibu mpinzani. Hapa ndipo insha inapopata nguvu, nanyi wengi mnaikwepa.

Wanaopinga wanadai kwamba marufuku itawaumiza wachuuzi. Ni kweli kwamba mfuko mbadala huweza kugharimu zaidi. Hata hivyo, hoja hii inasahau kwamba Rwanda ilipitisha sheria ya kuzuia mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya ikaipiga marufuku 2017 na Tanzania 2019, na bado wachuuzi wa huko wanauza nyanya kila siku.

Usiruke "ni kweli kwamba". Msomaji akiona umemsikiliza mpinzani, atakusikiliza na wewe. Lakini kubali jambo moja tu, tena dogo, kisha "hata hivyo" ifuate papo hapo. Ukikubali matatu utakuwa umehamia upande wake.

Ukitaka kuonyesha matokeo ya jambo ambalo halijafanyika:

Kama sheria ingesimamiwa vizuri, mitaro isingeziba.

Kwenye kukanusha andika "isingeziba", si "haingeziba". Na pale usipokuwa na ushahidi kamili, anza na huenda au inaelekea kwamba; bila shaka iwekee jambo unaloweza kulithibitisha.

Hitimisho

Kutokana na hoja hizi, ni wazi kwamba kaveera inatugharimu. Inafaa serikali ianze na wauzaji wa jumla, na ni bora sisi wanunuzi tubebe vikapu.

Baada ya inafaa, lazima na ni bora, kitenzi cha Kibantu huishia na -e: ianze, tubebe. Luganda nayo inafanya hivyo: tugende, bagende. Sikio lako linaijua tayari.

Ijumaa nileteeni aya ya kumjibu mpinzani peke yake, juu ya mada hii: "Shule za bweni zifungwe." Andikeni kwa mkono, na mpigie mstari kila kiunzi mlichotumia.