Mahojiano ya Kazi: Karani wa Kupokea Maziwa (Igizo la Mtihani wa Kuzungumza)

Mahali: Ofisi ya chama cha ushirika cha wafugaji, Njoro, Kaunti ya Nakuru. Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi.

Wahusika: Mwenyekiti wa jopo, mwanamke wa makamo; Meneja wa kituo cha kupoza maziwa; Mzee, mwakilishi wa wafugaji; Mwombaji, msichana wa miaka 24.

Vifaa: Meza, viti vinne, faili ya vyeti, laktomita ya kupimia kama maziwa yametiwa maji, silinda yake, kipimajoto na chupa ya maji.

Muda: Dakika 12. Sehemu ya Meneja ndiyo nzito, ipewe dakika 5.

*

MWOMBAJI: (Anabisha.) Hodi!

MWENYEKITI: Karibu, ingia.

MWOMBAJI: Asante. Hamjambo, wanajopo? Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, binti yangu.

(Mwombaji anasimama kando ya kiti hadi aambiwe aketi. Faili aiweke magotini, si mezani.)

MWENYEKITI: Keti. Tueleze wewe ni nani, kwa ufupi.

MWOMBAJI: Asante, Bi. Mwenyekiti. Nina stashahada ya teknolojia ya maziwa, niliyosomea Naivasha. Baada ya masomo nilifanya mazoezi ya kazini kwa miezi 6 katika kiwanda cha maziwa. Miezi 2 ya kwanza nilikuwa kwenye jukwaa la kupokelea maziwa, na 4 iliyosalia kwenye maabara. Nyumbani kwetu Molo tunafuga ng'ombe 3, kwa hivyo nimekaa pande zote mbili: nimepanga foleni na mkebe, na nimesimama upande wa anayepima.

(Dakika moja inatosha. Anayeanza kusimulia shule ya msingi hupoteza muda ambao angeutumia kwa Meneja.)

MWENYEKITI: Kwa nini unataka kazi hii, na si nyingine?

MWOMBAJI: Jana nilipita hapa saa mbili asubuhi kuiona njia. Nilihesabu pikipiki 14 zikisubiri, nyingine zimesimama juani. Maziwa yakitoka kiweleni yana joto kama la mwili wa ng'ombe, na katika joto hilo vijidudu huongezeka upesi. Karani mwepesi na makini huokoa maziwa ya watu ambao wamefanya kila kitu sawasawa huko nyumbani. Kazi hiyo ndiyo naijua na ndiyo naipenda.

MENEJA: Vizuri. Sasa twende jukwaani. Mfugaji ameshuka kwenye pikipiki na mkebe wa lita 20. Unafanya nini hadi maziwa yaingie tangini?

MWOMBAJI: Kwanza naangalia chombo. Mkebe wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu unakubalika. Mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia siukubali, kwa sababu shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii kuusugua, na plastiki ikikwaruzika vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo.

Pili, nafungua kifuniko na kunusa hapo hapo. Harufu hukusanyika chini ya kifuniko. Ukichelewa kidogo imeshapotea. Naangalia pia rangi, na kama kuna nyasi, nywele au damu. Siyaonji, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba, ambao hupata binadamu.

Tatu, nakoroga kwa mwiko safi, juu chini, mara 10 hivi. Hatua hii wengi huiruka. Malai huelea juu na ni mepesi. Ukichota sampuli kabla ya kukoroga, laktomita itasoma chini, na mfugaji mwaminifu ataitwa mwizi wa maji.

Nne, napima joto, kisha laktomita, kisha alkoholi. Yakipita yote napima uzito, naandika daftarini, natoa risiti, ndipo maziwa yanachujwa na kuingia tangini.

MENEJA: Chukua hiyo laktomita utuonyeshe. Chukulia hayo maji ni maziwa yenye joto la nyuzi 23, na laktomita imesoma 24.

(Mwombaji ajaze silinda kwa kuiinamisha ili povu lisitokee, aishushe laktomita taratibu na kuizungusha kidogo isishike ukutani, kisha ainame hadi jicho lilingane na uso wa maji. Watahini huangalia mikono hapa kuliko maneno.)

MWOMBAJI: Laktomita hii imesawazishwa kwa nyuzi 20. Kila nyuzi moja juu ya 20 naongeza 0.2, kila nyuzi moja chini naondoa 0.2. Nyuzi 23 ni 3 zaidi, kwa hivyo naongeza 0.6. Usomaji uliosahihishwa ni 24.6. Maziwa mazuri hukaa kati ya 26 na 32, kwa hivyo haya nayashuku kuwa na maji.

MENEJA: Na yakisoma 29, una hakika hayana maji?

MWOMBAJI: La, Bwana Meneja. Malai yakiondolewa usomaji hupanda, na maji yakiongezwa hushuka. Mtu akifanya yote mawili anaweza kuangukia 29 kamili. Ndiyo maana naangalia pia maziwa yenyewe: yakiwa mepesi na ya rangi ya samawati, natuma sampuli maabara ipimwe mafuta.

MENEJA: Kipimo cha alkoholi?

MWOMBAJI: Mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alkoholi ya asilimia 68, kwenye neli moja. Natikisa na kuinamisha neli. Yakishuka laini, yamepita. Yakiacha chembechembe ukutani, nayakataa. Mara nyingi sababu ni kuchacha, ila si kila mara: dang'a nayo huganda, na maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele pia. Kwa hivyo namuuliza mfugaji kama kuna ng'ombe aliyezaa wiki hii, au anayetibiwa. Akiwa anatibiwa kwa dawa ya kuua vijidudu, maziwa yake yasubiri hadi siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa ziishe, hata kama yamepita vipimo vyangu vyote, kwani laktomita na alkoholi havionyeshi dawa.

MENEJA: Umeme umekatika saa nne. Tangini mna lita 2,000 zenye nyuzi 4.

MWOMBAJI: Nafunga kifuniko cha tangi na kuandika saa na joto. Nawasha jenereta, na nahakikisha kikorogeo kimerudi pamoja na mtambo wa baridi, maana bila kukoroga kipimajoto kinaweza kusoma sehemu moja tu. Joto nalisoma kila nusu saa. Jenereta ikikataa, siongezi maziwa yenye joto juu ya yale baridi. Nakupigia simu mapema gari la kiwanda lije kuchukua yaliyopo.

MENEJA: Tangi limetoka tupu. Litaoshwaje?

MWOMBAJI: Maji ya vuguvugu kwanza, hadi yatoke maangavu. Maji ya moto sana mwanzoni hupika protini ya maziwa ukutani, na ikishapikwa haitoki kwa urahisi. Kisha sabuni kali ya moto kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kusugua valvu na mpira wake kwa mkono, na kusuuza. Mara kwa mara asidi hutumika kuondoa ukoga mgumu wa madini ya maziwa. Sabuni na asidi havichanganywi kamwe, na glavu huvaliwa.

(Meneja anafunga daftari. Mzee anasogeza kiti mbele. Abadilishe sauti, iwe ya mtu aliyeudhika kweli.)

MZEE: Binti, mimi nimeamka saa kumi alfajiri. Nimekama, nimelipa pikipiki, wewe unakataa maziwa yangu. Nakutukana mbele ya watu. Utanifanyia nini?

MWOMBAJI: Mzee, kwanza sitakujibu kwa sauti yako. Nitakusogeza kando ya foleni, nichote sampuli mpya, na nirudie kipimo ukiona kwa macho yako. Nitasema, “Mzee, maziwa haya yameganda,” sitasema, “Umeyaharibu.” Kisha nitakuuliza: je, ya jana jioni yalichanganywa na ya leo asubuhi? Maziwa ya jioni yakilala bila kupozwa, hata lita 3 zinatosha kuharibu mkebe mzima. Nitakuandikia sababu kwenye risiti, na kesho ukileta mikebe miwili, ya jioni na ya asubuhi, nitaipima kila mmoja peke yake ili usipoteze yote.

MZEE: Na kuhusu kilo? Mimi nilijaza lita 20, mizani yenu inasema 20.6. Nani mwongo?

MWOMBAJI: Hakuna mwongo, Mzee. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi, kwa hivyo lita 20 ni kilo 20.6. Nikiandika 20.6 kwenye safu ya lita, chama kinaumia. Nikiandika 20 kwenye safu ya kilo, unaumia wewe. Mizani nitaianza kwenye sifuri mkebe mtupu ukiwa juu, nawe ukitazama.

MWENYEKITI: Shangazi yako ni mwanachama. Laktomita imesoma 23. Anakunong'oneza upokee, atakukumbuka jioni.

MWOMBAJI: Ningeyakataa, Bi. Mwenyekiti, na ningemwambia hapo hapo, “Shangazi, nikipokea haya nitakuwa nimekula za majirani zako.” Ningemjulisha meneja siku hiyo hiyo, na ningeomba mwenzangu awe anampima yeye, ili hata akipita pasiwe na maneno.

MWENYEKITI: Taja udhaifu wako.

(Mwombaji asiseme “nafanya kazi kupita kiasi.” Jibu hilo limechoka, na hakuna jopo linaloliamini.)

MWOMBAJI: Mwanzoni mwa mazoezi nilikuwa mzito kuandika, na foleni ilirefuka. Nilijifunza kuchora safu za daftari na kuandika namba za wanachama kabla lango halijafunguliwa. Nimeongeza kasi, ingawa kwenye kompyuta bado sijafikia kasi ya mkono. Nafanya mazoezi kila jioni.

MWENYEKITI: Unatarajia mshahara gani?

MWOMBAJI: Tangazo lilitaja kati ya shilingi 26,000 na 30,000 kwa mwezi. Naomba 28,000, kwa kuwa nina stashahada na nimeshafanya kazi ya maabara. Niko tayari kuzungumza baada ya kipindi cha majaribio.

MWENYEKITI: Una swali?

MWOMBAJI: Mawili. La kwanza, karani na mfugaji wakikosa kukubaliana juu ya kipimo, nani anaamua? La pili, laktomita za kituo hukaguliwa kila baada ya muda gani?

MENEJA: Naamua mimi, kwa sampuli ya tatu. Laktomita... (anatua) tunazilinganisha zinapoonekana kuwa na shida.

MWOMBAJI: Nikipata nafasi, ningependa tuzilinganishe kila Jumatatu, zote kwenye sampuli moja. Itakayotofautiana na wenzake iwekwe kando.

MZEE: Hilo wafugaji watalipenda.

MWENYEKITI: Asante. Tutakupigia simu kabla ya Ijumaa, upate au ukose.

MWOMBAJI: Asanteni kwa muda wenu. Nawatakia kazi njema.

(Anamwaga maji, anaifuta laktomita kwa kitambaa safi, anairudisha kwenye kasha lake, kisha anarudisha kiti na kutoka.)