Kilo Kumi na Sita

Saa 8 usiku ilikuwa inakaribia Rehema alipofungua karatasi ya dawa ya kitanda namba 4. Mtoto wa miezi 10, homa, parasetamoli ya maji, mililita 10 kila baada ya saa 6. Chupa ilikuwa ya miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo dozi ni miligramu 240. Uzito ulioandikwa: kilo 16. Akagawanya, akapata 15, na kiwango ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo. Hesabu imekaa sawa kabisa. Kosa la aina hii ni baya kuliko la kujumlisha vibaya, maana kila anayerudia hesabu hupata jibu lile lile.

Kilichomzuia ni mtoto mwenyewe. Jioni Rehema alimpakata wakati mama yake amekwenda msalani, na mtoto alikuwa mwepesi. Kilo 16 ni uzito wa mtoto wa miaka minne.

Akaweka chupa chini. Akamwomba mama amvue nepi, akahakikisha mizani iko sifuri, akamlaza. Kilo 8.

"Mama, dawa hii amepewa mara ngapi?"

"Mara moja tu, nesi. Saa 2."

"Na nyumbani, hata ya mafua?"

"Hapana."

Swali hilo la mafua lina maana: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, na mzazi anaweza asijue kwamba anarudia ile ile.

Akaenda meza ya zamu. "Sista, naomba uone kitanda cha 4 kabla sijampa dawa. Karatasi ina kilo 16, mizani inasoma 8. Mililita 10 kwake ni miligramu 30 kwa kilo. Mara nne kwa siku ni 120, na kikomo ni 60."

Sista alimpima mtoto upya mwenyewe, kisha akampigia daktari. Daktari alikuja, akamwangalia mtoto, akasema dozi moja ile iko chini sana ya kiwango cha sumu. Hatari ingekuja kama ingeendelea siku mbili tatu, ini likaelemewa. Dozi ya saa 8 isitolewe. Akapiga mstari mmoja juu ya maandishi ya zamani ili yaendelee kusomeka, akatia saini na saa, akaandika upya: miligramu 120, yaani mililita 5, kuanzia saa 2 asubuhi.

Sista akatoa fomu ya tukio. Rehema hakuwa amekaa bado. Zile kilo 16 lazima zilikuwa za mtu.

Kitanda namba 5 alilala mvulana wa miaka minne. Mama yake alikuwa akimpangusa kwa kitambaa chenye maji tangu jioni, homa haishuki. Akafunua karatasi yake. Kilo 8, mililita 5.

"Daktari, usiondoke," alisema, akivuta mizani ya kusimamia. "Tumpime na huyu."