YAH: Bili ya Aprili 2025 ya uniti 102, na maji kukatwa wakati malalamiko namba 4471 hayajajibiwa

28 Mei 2025

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Ijumaa iliyopita usiku, tarehe 23, niliwatumia ujumbe mrefu ambao nadhani umeshapita mikononi mwa watu kadhaa hapo ofisini. Niliuandika saa nne usiku, bomba limekauka na nina hasira, na kuna maneno mle niliyomwambia kijana wenu wa kusoma mita ambayo hakustahili, nayafuta na namwomba radhi. Barua hii ndiyo mchukue badala ya ule ujumbe. Matusi nimeyatoa ila malalamiko hayajapungua hata moja, kwa hiyo naomba isomwe mpaka mwisho, nimejitahidi kuyapanga ili mtu yeyote hapo aweze kuyahakiki bila kunipigia simu.

Akaunti yangu ni namba 20-118-0463. Nyumba ina watu wanne, haina bustani, haina bwawa, hatuna biashara yoyote inayotumia maji. Matumizi yetu mnayo kwenye rekodi zenu wenyewe, Januari uniti 12, Februari 11, Machi 13. Kisha ikaja bili ya Aprili, uniti 102. Uniti moja ni lita elfu moja, yaani mnasema watu wanne tumetumia lita 102,000 kwa siku 30, ambayo ni lita 3,400 kila siku inayoanza. Hata tungeacha bomba moja wazi tukalala, asubuhi tungekuta nyumba inaelea. Na kwa kuwa bei yenu inapanda ngazi kwa ngazi kadri mtu anavyotumia zaidi, pesa mnayonidai imezidi hata hizo mara nane na nusu za matumizi.

Sasa hapa ndipo kwenye kiini cha ishu, naomba mwangalie namba taratibu. Bili inasema mita ilisomwa 01289 tarehe 31 Machi, hiyo sina ubishi nayo. Inasema tena ilisomwa 01391 tarehe 30 Aprili. Bili nimeipata tarehe 9 Mei, nikaenda moja kwa moja kwenye mita na simu mkononi nikapiga picha, mita ilikuwa 01305. Yaani siku tisa baada ya nyie kuisoma, ilikuwa nyuma ya namba yenu kwa uniti 86. Mita ya maji inaweza kuharibika kwa njia nyingi, inaweza kukwama, inaweza kuzunguka kwa hewa maji yanaporudi baada ya mgao, ila yangu haijafunguliwa wala kubadilishwa, na maji hayajarudi kwenye bomba kuu kuizungusha kinyumenyume kwa uniti 86. Hiyo namba 01391 haikuwepo kwenye mita siku hiyo.

Nadhani najua ilikotoka, ingawa nyie ndio wa kuthibitisha. Kwa matumizi yetu ya kawaida, tarehe 30 Aprili mita ingekuwa kwenye 01301 hivi. Kioo chake kina ukungu kwa ndani, na 0 na 9 ukiziangalia haraka kupitia ukungu zinafanana kabisa. 01301 ikaandikwa 01391. Ukitoa 01289 kwenye 01301 unapata 12, ambayo ndiyo sisi. Ni kosa la tarakimu moja, linaweza kumpata mtu yeyote aliyesoma mita nyingi siku hiyohiyo, na kama lingerekebishwa siku ya kwanza nilipopiga simu nisingekuwa naandika barua hii leo.

Ila halikurekebishwa. Tarehe 9 Mei hiyohiyo nilipiga simu, dada aliyepokea akaniambia sistimu inaonyesha ni sahihi. Tarehe 12 nikafika ofisini na picha, nikapewa namba ya malalamiko 4471 na nikaambiwa niende nikalipie kidogo kidogo kwa makubaliano. Nilikataa kusaini yale makubaliano na nitaeleza kwa nini, maana nilionekana mbishi. Ile fomu inaanza kwa kusema mteja anakiri deni lote. Nikishakiri, kesho nitalalamikia nini? Siombi kurahisishiwa kulipa, nasema deni halipo. Na ili isionekane nakwepa, tarehe 13 Mei nililipia uniti 12 kwa bei yenu ya kawaida, meseji ya risiti ninayo. Kwa hiyo sehemu ambayo hatubishani imelipwa yote, kilichobaki ni zile uniti 90 tu.

Tarehe 19 Mei mlimtuma fundi, na huyu naomba nimsifu kwa sababu ndiye mtu pekee katika hii habari yote aliyeangalia mita yenyewe badala ya kioo cha kompyuta. Alifunga mabomba yote ya ndani, tukasimama wote wawili dakika kumi na tano tunakiangalia kile kijigurudumu chekundu cha kwenye mita, hakikutikisika. Akatia rangi kwenye tangi la choo kuona kama maji yanavuja kuingia bakulini, hakuna. Akaandika kwenye karatasi yake "hakuna uvujaji, mita 01309, kioo kina ukungu", akasaini, mimi nikasaini, akaniachia nakala. Karatasi hiyo ni ya kwenu, siyo ya kwangu.

Siku nne baadaye, Ijumaa tarehe 23 saa kumi jioni, wakaja watu wengine wawili wakafunga koki na kuipiga sili. Niliwaonyesha karatasi ya fundi, niliwaonyesha risiti, niliwatajia 4471. Mmoja alikuwa muungwana kabisa akasema, sisi tunapewa orodha tu. Namwelewa. Ila maana yake ni kwamba anayetengeneza orodha ya kukata haangalii orodha ya malalamiko, na hilo siyo kosa la wale wawili, ni la ofisi. Kukata Ijumaa jioni nako naomba mkutazame, kwa sababu dirisha la malalamiko linafungwa saa hiyohiyo na halifunguliwi mpaka Jumatatu, mtu hata akiwa na risiti mkononi hana pa kuipeleka. Jumatatu tarehe 26 nilikuwa mlangoni kabla hamjafungua, nikaambiwa nilipe bili yote, faini ya kuchelewa, na ada ya kurudishiwa maji, ndipo tuongee.

Leo ni siku ya tano. Mama yangu ana miaka 78 na tunaishi naye, hawezi kubeba ndoo, kwa hiyo tunabeba kwa ajili yake kabla ya kwenda kazini na tukirudi. Sitarefusha hapo, nyie mnajua nyumba bila maji inakuwaje, ndiyo biashara yenu.

Ninachotaka ni hiki. Maji yarudishwe ndani ya saa 24 tangu mpokee barua hii, bila ada ya kurudisha na bila faini ya kuchelewa, kwa sababu kilichokuwa hakina ubishi nimelipa siku nne tu baada ya kupata bili, na kilichobaki kilikuwa kwenye malalamiko yaliyo wazi. Hili la kwanza halisubiri mengine, msije mkaniambia maji yatarudi uchunguzi ukiisha.

Halafu bili ya Aprili ifutwe na itolewe mpya ya uniti 12. Na hapa naomba mnielewe vizuri maana najua mambo haya huishia wapi, sitaki punguzo, sitaki msamaha wala "marekebisho ya hisani". Nataka ile namba 01391 itolewe kwenye rekodi na iwekwe iliyo sahihi. Mkinipunguzia pesa tu na namba ikabaki, mwezi huu msomaji wenu atakuja akute mita iko chini ya rekodi, sistimu itakataa, atajaza makadirio, na mwezi ujao vilevile. Mita sasa imesimama kwenye 01310. Kwa mwendo wetu wa uniti 12 kwa mwezi, hata mngeifungua leo, tungeifikia namba mliyoisoma Aprili kwenye katikati ya Desemba. Sina nia ya kuandika barua kama hii kila mwezi mpaka Desemba.

Kama bado mnaamini mita ilisoma 01391, basi ing'oeni mkaipime mbele yangu, na mnipe majibu kwa maandishi. Sina wasiwasi na kipimo. Ila isiwe sababu ya kuchelewesha maji, wekeni nyingine wakati hii inapimwa. Na hata mkikubali kwamba lilikuwa kosa la kusoma, hicho kioo kibadilishwe, fundi wenu mwenyewe kakiandika, la sivyo tutarudi hapahapa siku nyingine 3 ikisomwa 8.

La mwisho ni jibu la maandishi, lenye jina la ofisa anayehusika na 4471, ndani ya siku saba za kazi, yaani kufikia Ijumaa tarehe 6 Juni. Nimeongea na watu sita tofauti kwenye simu na dirishani na kila mmoja nimemsimulia kuanzia mwanzo, kwa kweli nimechoka kuwa ndio faili langu mwenyewe.

Maji yasiporudi ndani ya hizo saa 24, nitapeleka barua hii na viambatanisho vyake vyote kwa mamlaka inayosimamia huduma za maji siku inayofuata, na nitadai pia fidia ya gharama za maji niliyonunua tangu tarehe 23, stakabadhi naziweka. Jibu la maandishi lisipokuja kufikia tarehe 6, vilevile. Sisemi hivi kuwatisha, nawaambia mapema ili isije ikasemwa sikutoa nafasi ya kulimaliza hapa kwa hapa, ambako ndiko ningependa limalizikie.

Nimeambatanisha picha ya mita ya tarehe 9 Mei (tarehe na saa vinaonekana), picha ya leo ya 01310 ikiwa na sili, nakala ya karatasi ya fundi ya tarehe 19, meseji ya risiti ya tarehe 13, na bili za Januari hadi Aprili. Nakala halisi zote ninazo nyumbani, yeyote atakayekuja kuziona anakaribishwa, baada ya saa kumi na moja jioni siku za kazi huwa nipo, na namba ya simu ni ileile iliyo kwenye akaunti.

Na tafadhali, karatasi ya yule fundi wa tarehe 19 iwekwe kwenye faili, mpaka Jumatatu dirishani walikuwa hawajaiona.

Wenu,
Mteja, akaunti namba 20-118-0463
Malalamiko namba 4471