Andalio la Somo: Barua Rasmi ya Maombi, Kidato cha Pili

Somo: Kiswahili. Wanafunzi: 44. Muda: vipindi viwili mfululizo, dakika 80.
Zana: nakala 22 za barua ya mfano (moja kwa wanafunzi wawili), ubao, chaki nyeupe na ya njano.

Lengo: Kila mwanafunzi aandike barua rasmi yenye sehemu zote, na ombi ambalo msomaji atalielewa bila kuuliza swali.

Katika zoezi la wiki iliyopita wengi walipanga anwani vizuri, lakini kiini kilianza na "Hujambo? Mimi ni mzima wa afya," na ombi lenyewe likajificha mstari wa mwisho. Kwa hiyo muundo tutaupitia haraka. Muda mwingi uende kwenye kiini.

Utangulizi (dakika 5). Wataje tofauti za barua ya kirafiki na barua rasmi. Wakisahau anwani ya mwandikiwa, nisiwatajie. Wataiona kwenye mfano.

Kuchambua barua ya mfano (dakika 20)

> Klabu ya Mazingira,
> S.L.P. 214.
> 10 Machi 2025.
>
> Mkuu wa Shule,
> S.L.P. 214.
>
> Ndugu,
>
> YAH: OMBI LA KUPANDA MITI NYUMA YA MAABARA
>
> Rejea kichwa cha habari hapo juu. Klabu yetu yenye wanachama 30 inaomba ruhusa ya kupanda miche 40 ya miti ya kivuli nyuma ya maabara, Jumamosi tarehe 22 Machi, kuanzia saa 3 asubuhi.
>
> Mvua zikinyesha, maji huchukua udongo wa eneo hilo hadi msingi wa jengo unabaki wazi. Miche tumeiotesha wenyewe. Tunaomba pia majembe 10 kutoka stoo, ambayo tutayarudisha siku hiyo hiyo.
>
> Tutashukuru kupata jibu kabla ya tarehe 18 Machi ili tuwahi kuchimba mashimo.
>
> Wako mtiifu,
> Rehema Juma
> Katibu

(Anwani ya mwandishi na tarehe zikae kulia kwenye nakala zao, na sahihi iwe juu ya jina.)

Wasome kimya, kisha wawiliwawili wapigie mstari sentensi ya ombi. Watakuta iko aya ya kwanza kabisa. Niwaulize: kwa nini Rehema hakusubiri? Halafu wafunike aya ya pili kwa kiganja na wasome tena. Je, Mkuu angekubali? Hapo ndipo waone kazi ya sababu: imeonyesha hasara inayoonekana kwa macho, haikulalamika.

YAH ni ufupisho wa "yahusu". Atakayetaja KUH au MINT yuko sahihi. "Rejea kichwa cha habari hapo juu" ni mazoea ya ofisini, si lazima, na wajue hivyo.

Kuandika pamoja (dakika 25)

Hali: darasa linamwomba Mkuu wa Shule aongeze muda wa maktaba. Wao watoe sentensi, mimi nishike chaki. Nitaandika walichosema kama kilivyo, kwa chaki nyeupe, hata kama kina kasoro. Bila shaka itakuja sentensi kama hii:

*Tunaomba utusaidie kwa sababu tunapata shida sana.*

Nisiisahihishe. Niulize: shida gani? Akusaidie kwa kufanya nini? Mpaka lini? Majibu yao niyaandike kwa njano, hadi tufike:

*Tunaomba maktaba ifungwe saa 12 jioni badala ya saa 10, Jumatatu hadi Alhamisi, mpaka mitihani ya muhula itakapokwisha.*

Sentensi ya kwanza ikatwe kwa mstari, isifutwe. Waone njia tuliyopita. Aya ya sababu waanze wa madawati ya nyuma, maana wa mbele wamezoea kumaliza kazi yote. Hatua hii ikihitaji dakika tano zaidi, nizichukue kwenye tathmini, si kwenye uandishi wa mwanafunzi mmoja mmoja.

Kuandika binafsi (dakika 22)

Kabla hawajaanza, nifute barua yote ubaoni, nibakize zile sentensi mbili tu. Barua nzima ikibaki, nitasahihisha nakala 44 za barua moja. Nakala za mfano zikusanywe pia.

Achague moja: kumwomba Mkuu wa Shule ruhusa ya kutohudhuria masomo kwa siku mbili, au kumwomba mkutubi nafasi ya kusaidia kupanga vitabu. Anayekwama aandike kwanza sentensi ya ombi peke yake, anwani baadaye. Nipite nikisoma sentensi hiyo tu kwenye kila daftari.

Tathmini (dakika 8)

Wabadilishane madaftari. Msomaji aseme kwa mdomo anaombwa nini, lini na kwa nini. Akishindwa moja, mwandishi aongeze palepale.

Madaftari nitayakusanya. Alama 20: muundo 6, kiini 8, lugha ya heshima 4, tahajia na uakifishaji 2. Atakayepata chini ya 4 kwenye kiini ataandika upya aya ya kwanza pekee, si barua nzima.