Tathmini ya Nusu Mwaka: Mhudumu wa Mapokezi, Kliniki ya Meno, Julai–Desemba 2024

Mapokezi ya kwanza: 4 kati ya 5. Husalimu kabla mgonjwa hajafika dirishani, wazee kwa shikamoo, na humwambia kila mtu atasubiri kwa muda gani.

Ujumbe: 2 kati ya 5. Hapa ndipo penye kazi. Kati ya jumbe 40 za Novemba tulizokagua, 11 hazikuwa na namba ya simu na 6 hazikuonyesha saa. Mgonjwa aliyevimba baada ya kung'olewa jino alipigiwa kesho yake. Chanzo ni vikaratasi anavyonakili jioni, vingine vikiwa vimeshapotea. Kuanzia sasa aandike moja kwa moja daftarini: jina, namba (amsomee mpigaji aithibitishe), saa, shida na aliyekabidhiwa. Ujumbe wa damu, uvimbe au homa umfikie daktari ndani ya dakika 5. Msimamizi atakagua daftari kila Ijumaa hadi Machi.

Usiri: 4 kati ya 5. Alikataa kumpa mume majibu ya mkewe kwa simu, na alifanya sawasawa. Kasoro ni kuuliza "umekuja kung'oa?" mbele ya benchi zima, aulize kwa sauti ya chini. Skrini tutaigeuza sisi ili wanaosubiri wasiisome.

Utulivu: 5 kati ya 5. Bima ilipokataliwa na mgonjwa akafoka, alimsikiliza bila kumkatiza, akamketisha pembeni, akapiga simu kwa bima, akamweleza kiasi cha kulipa. Tunataka awafundishe wenzake wa zamu ya jioni.