Orodha ya hoja, wasemaji na kura: kikao cha kawaida cha baraza, kutoka kwenye rekodi ya sauti

Nyakati ni za rekodi yenyewe, si za saa ya ukutani. Wajumbe 23 kati ya 27 waliitikia majina, akidi ikatimia. Mwenyekiti hapigi kura ila zinapolingana.

00:04:10. Hoja ya 1: kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Mtoa hoja: Makamu Mwenyekiti. Hakuna aliyechangia. Imepita kwa sauti. Kura hazikuhesabiwa, kwa hiyo idadi haiandikwi hapa.

00:09:35. Hoja ya 2: maktaba ya umma ifunguliwe pia Jumapili. Mtoa hoja: Mwenyekiti wa Kamati ya Huduma za Jamii. Aliunga mkono: mjumbe mwakilishi wa vijana.

Wachangiaji kwa mpangilio: Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha (00:14:02, anapinga, anauliza posho ya watumishi itatoka fungu gani), mwakilishi wa walimu (00:19:48, anaafiki), kisha mtu aliyesema bila kuwasha maikrofoni (00:23:15). Sauti yake inafanana na ya mjumbe aliyetangulia, lakini Mwenyekiti hakumtaja, na kufanana hakutoshi. Ameandikwa "msemaji hakutambulika".

00:26:40, marekebisho: Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha anataka yaongezwe maneno "kwa majaribio ya miezi 6". Mwenyekiti aliwahoji wajumbe, akatamka kuwa wasioafiki wameshinda. Mjumbe mmoja akasimama kuhusu utaratibu (00:31:07), akadai sauti zilikuwa sawasawa. Ukisikiliza mara mbili, hana kosa. Ikaamuliwa kunyoosha mikono: ndiyo 11, siyo 11. Mwenyekiti akapiga kura yake ya uamuzi upande wa siyo, akieleza kuwa hoja ibaki kama ilivyoletwa. Marekebisho yameanguka 11 kwa 12. Tamko la kwanza la Mwenyekiti lisinukuliwe kama matokeo, ingawa mwisho wake umekuwa uleule.

00:38:20, hoja ya msingi, kura kwa kuita majina: ndiyo 14, siyo 7, hakuegemea upande wowote 1. Imepita. Katibu alisoma "ndiyo 15" (00:44:51). Majina yaliyoitikiwa ndiyo ni 14, na yeye mwenyewe alijisahihisha 00:45:30.

00:47:12. Hoja ya 3: ukaguzi wa mikataba ya usafi. Mtoa hoja: mjumbe wa Kamati ya Ukaguzi. Alijibiwa na Mkurugenzi, ambaye si mjumbe na hana kura, kwamba taarifa italetwa kikao kijacho. Mtoa hoja akaiondoa kwa ridhaa ya baraza. Haikupigiwa kura, kwa hiyo isiingizwe kwenye zilizokataliwa.

00:58:44. Hoja ya 4: kuahirisha kikao. Mtoa hoja: Makamu Mwenyekiti. Imepita kwa sauti. Rekodi imekatika 00:59:03, Mwenyekiti akiwa katikati ya kutaja tarehe ya kikao kijacho. Tarehe ichukuliwe kwenye barua ya mwaliko.