Andalio la Somo: Kukinga Maambukizi kwenye Zahanati yenye Vifaa Vichache

Kozi: Wahudumu wa afya, mwaka wa kwanza
Idadi ya wanafunzi: 18 (wasichana 13, wavulana 5)
Tarehe: Jumatano, 11 Februari 2026
Muda: Saa 2:30 hadi saa 5:30 asubuhi, mapumziko ya dakika 15 katikati
Mahali: Darasani na uwanja wa nyuma wa zahanati ya mazoezi, Wilaya ya Muleba, Kagera

Umahiri unaokusudiwa

Mwanafunzi aweze kumhudumia mgonjwa bila kumwambukiza, bila kuambukizwa na bila kupeleka maambukizi kitanda cha pili, hata pale ambapo bomba halitoi maji, glavu zinahesabika na umeme umekatika.

Mwisho wa kipindi kila mmoja anawe mikono kwa utaratibu kamili mbele ya mwenzake, achanganye maji ya klorini ya asilimia 0.5 bila kubahatisha, aamue glavu chache ziende wapi, na aeleze hatua za kuchukua akichomwa na sindano.

Zana

Dumu la lita 5, kamba ya katani, msumari, fito mbili zenye panda na fito mbili nyembamba, kokoto, sabuni ya kipande. Manjano ya unga na mafuta ya kupikia. Chupa moja ya jiki (soma lebo kabla ya somo, ya hapa ni asilimia 3.5), ndoo tatu zenye mifuniko, kikombe kimoja cha plastiki, matambara. Jozi nne tu za glavu, ziwekwe mezani zionekane. Mabomba mapya ya sindano na sefti boksi moja.

Tusiazime vifaa vya ziada hospitali ya wilaya ili somo lipendeze. Wanafunzi hawa wanakwenda kwenye zahanati zenye vitu hivihivi, na wakijifunzia kwenye meza iliyojaa watatuambia baadaye kwamba kule walikopangiwa "haiwezekani".

Utangulizi (dakika 20)

Anza na Yambuku, kaskazini mwa Zaire, mwaka 1976. Kwenye hospitali ya misheni, kila asubuhi wauguzi wa wagonjwa wa nje walipewa mabomba matano ya sindano kwa siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa yalisuuzwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Ebola ilipoingia, ilipita kwenye sindano zilezile: watu 318 waliugua, 280 walifariki, na kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Kisha rudi nyumbani. Mwaka 2023 Marburg ilitokea hapahapa mkoani kwetu, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.

Uliza: "Kule Yambuku vifaa vilikuwa vichache. Je, kilichowaua watu ni uchache wa vifaa?" Waache wabishane. Usitoe jibu sasa, swali hili litarudi kwenye zoezi la glavu.

Mikono (dakika 50)

Hapa ndipo penye uzito wa somo lote, msiharakishe.

Changanya vijiko viwili vya manjano na mafuta kidogo mpaka iwe uji mzito. Kila mwanafunzi ajipake viganja vyote hadi kwenye kifundo, kisha anawe kama anavyonawa kila siku kwa maji na sabuni. Asielekezwe chochote. Wakimaliza, wanyooshe mikono mezani karibu na dirisha. Manjano haidanganyi: itabaki kwenye kidole gumba, kwenye mikunjo kati ya vidole, chini ya kucha, na chini ya pete. Darasa lililopita dada mmoja alisema, "Mwalimu, mimi nimenawa vizuri kabisa," akageuza kiganja juu, na pale gumba linapoanzia palikuwa na utepe wa njano kama pete ya pili. Hakuna aliyemcheka, kila mtu aliangalia gumba lake.

Sasa fundisha utaratibu: kiganja kwa kiganja, kiganja juu ya mgongo wa mkono, vidole vikiwa vimepishana, migongo ya vidole ndani ya kiganja, gumba lizungushwe, ncha za vidole zisuguliwe kiganjani. Kwa maji na sabuni kazi nzima ni sekunde 40 hadi 60. Kwa kitakasa mikono cha spiriti ni sekunde 20 hadi 30, mikono ikiwa haina uchafu unaoonekana. Wajipake manjano tena, wanawe tena, walinganishe.

Nyakati tano za kusafisha mikono wazitaje wakiwa wamesimama kando ya kitanda, si kwenye madaftari: kabla ya kumgusa mgonjwa; kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, kama kufunga kidonda au kuchoma sindano; baada ya hatari ya kugusa damu au majimaji ya mwili; baada ya kumgusa mgonjwa; baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Huo wa tano ndio unaosahaulika. Mtu anatengeneza shuka, hakugusa mgonjwa, anajiona msafi, anaenda kumshika mtoto wa jirani.

Toka nje, mtengeneze kibuyu chirizi. Toboa dumu kwa msumari uliopashwa moto, chini kidogo ya mdomo. Panda fito mbili zenye panda, ining'inize dumu kwenye fito ya juu, funga kamba shingoni ishuke hadi kwenye fito ya kukanyagia. Sabuni itobolewe na kuning'inizwa pembeni, ikauke kati ya mtu na mtu, isilowe kwenye kisahani. Kokoto ziwekwe chini ili pasiwe na tope. Maji yatiririke, mkono usiguse dumu. Beseni la kunawia watu wengi lipigwe marufuku kabisa, pamoja na lile taulo moja la wodi nzima. Mikono ikaushwe kwa hewa au kitambaa cha mtu mmoja.

Klorini (dakika 25)

Sema hesabu pole pole na iandikwe ubaoni: gawa nguvu iliyo kwenye lebo kwa nguvu unayoitaka, kisha toa moja. Jibu ni vikombe vya maji kwa kila kikombe kimoja cha jiki.

3.5 ÷ 0.5 = 7; 7 − 1 = 6

Kwa hiyo kikombe kimoja cha jiki, vikombe sita vya maji. Wakikuta chupa ya asilimia 5, wafanye wenyewe: vikombe tisa. Kwa nyuso zisizo na damu, kama meza na vishikio vya milango, asilimia 0.1 inatosha: kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vikombe 34 vya maji. Kikombe kiwe kilekile kwa jiki na kwa maji. Ndoo iandikwe nguvu na tarehe, ifunikwe, na mchanganyiko wa jana umwagwe.

Klorini hushindwa na uchafu. Damu ikimwagika sakafuni: vaa glavu, nyonya damu kwa tambara, litupe kwenye taka za maambukizi, osha kwa maji na sabuni, suuza, ndipo umwage asilimia 0.5 na kuiacha dakika 10. Usichanganye jiki na siki, tindikali wala amonia. Mvuke wake unaumiza mapafu. Na mtu hanyunyiziwi klorini.

Wapo watakaosema walifundishwa kuloweka mikasi kwenye klorini kabla ya kuisafisha. Ndivyo wengi wetu tulivyosoma. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo tena, maana klorini hula chuma na haifanyi kazi penye damu. Chombo kisafishwe kwanza kwa brashi, maji na sabuni, msafishaji akiwa amevaa glavu nzito na aproni, brashi ikiwa ndani ya maji ili yasiruke usoni. Baada ya hapo autoklevu: nyuzi joto 121, dakika 20 kwa vyombo visivyofungwa na 30 kwa vilivyofungwa. Pasipo autoklevu, kuchemsha kwa dakika 20 kunaua vimelea vingi lakini si mbegu ngumu za bakteria kama za pepopunda. Dakika zinahesabiwa tangu maji yalipotokota, na ukiongeza chombo katikati, anza kuhesabu upya.

Zoezi: glavu jozi nne (dakika 40)

Makundi matatu ya watu sita. Soma hali hii:

"Ni saa 3 usiku. Jozi za glavu zimebaki nne hadi asubuhi. Mama yuko kwenye uchungu na muuguzi mkunga anakutegemea umsaidie. Mtoto ana homa, anahitaji kipimo cha malaria. Mzee ana kidonda cha mguu chenye usaha. Bibi anasubiri kupimwa presha. Kijana anatakiwa kuchomwa sindano ya msuli. Kitanda cha pili kimelowa mkojo."

Jibu ninalotarajia: jozi mbili zibaki kwa mama, na za kuzalishia ziwe tasa. Moja kwa kipimo cha malaria, moja kwa kidonda. Presha haihitaji glavu, ni mikono safi. Sindano ya msuli kwenye ngozi isiyo na jeraha haihitaji glavu, ni mikono safi na sindano mpya. Shuka zenye mkojo zishikwe kwa glavu nzito za mpira za usafi, zinazooshwa na kutumika tena. Kundi likijibu tofauti, lisikilizwe sababu zake kwanza.

Kisha rudi Yambuku. Nataka wafike wenyewe hapa: upo upungufu tunaoweza kuuzunguka kwa akili na utaratibu, na upo usiozungukwa. Dumu linachukua nafasi ya bomba. Hakuna kinachochukua nafasi ya sindano mpya. Sindano ya kutupwa haioshwi, glavu ya kutupwa haioshwi kupelekwa kwa mgonjwa mwingine. Zikiisha, mwambie mfawidhi, andika kwenye daftari, na mgonjwa apewe rufaa au dawa ya kumeza ikiwa daktari ataruhusu. Kuandika upungufu si kulalamika. Ni sehemu ya kumtunza mgonjwa, nami ninasisitiza hili kila mwaka kwa sababu vijana wanaogopa kuonekana wasumbufu.

Sindano na taka (dakika 20)

Sindano iliyotumika haifunikwi tena. Iende moja kwa moja kwenye sefti boksi iliyo karibu na mkono, na boksi lifungwe likijaa robo tatu. Niliwahi kuchomwa nikiwa mwanafunzi, kwenye kituo ambacho boksi lilikuwa chumba cha pili. Nilifunika sindano ili nitembee nayo, kifuniko kikateleza. Nilinyamaza hadi jioni kwa aibu. Waelezeni ili asiwepo wa kunyamaza.

Aliyechomwa aoshe palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue, asipake jiki, atoe taarifa saa hiyohiyo. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache, na zisipite saa 72. Zinamezwa siku 28. Aulizwe pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B, kwa kuwa virusi hivyo huambukiza kwa sindano kwa urahisi kuliko VVU.

Tathmini (dakika 10)

Kila mwanafunzi achote karatasi moja yenye kazi moja: nawa mikono, changanya klorini, safisha damu iliyomwagika (tumia maji ya rosela), au onyesha la kufanya ukichomwa. Mwenzake anamkagua na kusema hatua iliyorukwa. Asiyefaulu arudie Ijumaa saa 8 mchana.

Kazi ya wiki

Wawili wawili wakae wodini saa moja, wakihesabu nyakati za kusafisha mikono zilizojitokeza na zilizotimizwa. Wasiandike jina la mtumishi yeyote. Kibuyu chirizi kilichotengenezwa leo kibaki mlangoni mwa chumba cha sindano. Zamu ya kujaza maji inaanza na kundi la kwanza, kesho kabla ya saa 1:30 asubuhi.